Saa ya Mkono: Tuseme Tulichokiona na Kukipima



Mnunuzi wa mahindi hutia mkono ndani ya gunia, akatoa punje, akaitafuna. Mnunuzi wa kitenge hukikunja, akakivuta, akakitazama kwenye mwanga. Lakini mnunuzi wa saa ya mkono hawezi kuifungua na kuona mashine ndani, wala hawezi kuitumbukiza majini pale sokoni. Yeye hununua maneno ya muuzaji. Ndiyo sababu katika somo hili tutaongea juu ya maneno hayo.

Vikundi vingi sasa vinauza saa, mpya na za mitumba, mezani siku ya soko au kwa kutuma picha na maelezo mafupi kwa simu. Malalamiko tunayosikia kutoka kwa wanunuzi hayahusu bei. Wanasema hivi: "Niliambiwa haiingii maji," "Niliambiwa ni ngozi," "Kwenye picha ilionekana kubwa." Mara nyingi muuzaji hakukusudia kudanganya. Alisoma herufi zilizoandikwa kwenye saa, akazieleza kwa namna alivyodhani.

Kanuni ya somo letu ni moja tu. Kila neno tunalolisema juu ya saa liwe katika mafungu matatu: tumeliona kwa macho, au tumelipima wenyewe, au limeandikwa kwenye saa. Na mnunuzi ajue ni fungu gani. Kusema "imeandikwa mita 30" na kusema "haiingii maji" ni mambo mawili mbali kabisa.

Tutatazama sehemu nne: mashine, maji, ukubwa na mkanda. Halafu tutachukua saa moja na kuiandikia maelezo yake.

1. MASHINE

Saa za mkono zenye mishale zina mashine za aina tatu ambazo tutakutana nazo. Ya kwanza ni ya betri. Ndani yake kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi ambacho umeme wa betri hukitetemesha mara 32,768 kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaohesabu wakati. Saa ya namna hii ya kuvaa mkononi iliuzwa mara ya kwanza huko Japani mwezi wa Desemba 1969. Huenda sawasawa sana: kwa kawaida hukosea kama sekunde 15 hivi kwa mwezi mzima. Kwenye uso wake mara nyingi pameandikwa QUARTZ.

Ya pili ni ya kutia ufunguo, zile ambazo wazee wetu walikuwa wakizizungusha kila asubuhi kabla ya chai. Haina betri, ina springi. Ya tatu ina springi pia, lakini hujijaza yenyewe: ndani kuna kipande kizito cha chuma kinachozunguka mvaaji anapotembeza mkono. Hiyo huandikwa AUTOMATIC. Ukiivua na kuiweka mezani siku mbili hivi, itasimama, na si kwamba imeharibika. Mnunuzi asipoambiwa jambo hili atairudisha Jumatatu akisema mmemuuzia saa mbovu.

Unatambuaje? Tazama mshale wa sekunde. Katika saa nyingi za betri huruka mara moja kila sekunde: tik, ukatulia, tik. Katika saa za springi hutembea kwa hatua ndogo ndogo za haraka, hata jicho huona kama unateleza. Kuna saa chache za betri ambazo mshale wake huteleza pia, kwa hiyo kama hakuna maandishi na huna hakika, mpelekee fundi afungue kifuniko cha nyuma. Usibahatishe.

Hapa kuna maneno mawili ya kuogopa. Neno la kwanza ni "inahitaji betri tu." Saa iliyosimama inaweza kweli kuwa imeishiwa betri. Lakini betri iliyokufa ikikaa ndani muda mrefu inaweza kuvuja, na maji yake yakala mashine. Hapo betri mpya haisaidii kitu. Kikundi kitie betri kwanza, kiione saa ikitembea, ndipo kiuze. Kama hamjatia, semeni hivyo: "Imesimama. Hatujui sababu."

Neno la pili ni "inaenda sawa." Neno hili lipimwe. Jioni, redio inapopiga alama ya saa moja kamili kabla ya taarifa ya habari, rekebisha saa. Kesho yake jioni, kwa alama ile ile, itazame tena. Saa ya betri isionyeshe tofauti yoyote ya kuonekana. Saa ya springi inaweza kukosea sekunde kadhaa, hata nusu dakika au zaidi ikiwa ni ya zamani. Andika ulichokiona: "Kwa siku moja ilibaki nyuma sekunde 40." Mzee anayependa saa za zamani ataikubali. Muuguzi anayehitaji kuhesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa atajua kwamba hiyo si yake, atachukua ya betri yenye mshale wa sekunde.

2. MAJI

Hapa ndipo watu wengi wanaumia, basi tuende polepole.

Nyuma ya saa au usoni utaona maandishi WATER RESISTANT, na pengine namba: 30M, 50M au 100M. Wakati mwingine huandikwa 3 ATM au 3 BAR. Hizo zote mbili ni sawa na mita 30, kwa kuwa kila 1 ni nguvu inayokaribiana na ile ya maji yenye kina cha mita 10.

Sasa, mtu akisoma 30M anafikiri, "Naweza kuzama nayo mita 30." Hapana. Namba hiyo inaeleza nguvu ya maji ambayo saa ya aina hiyo inapaswa kustahimili katika jaribio, ikiwa mpya na ikiwa imetulia. Mkono wa mtu anayeogelea hautulii. Unapiga maji, unageuka, vitufe vinasukumwa. Tena saa imechakaa, imeanguka chini mara mbili tatu, imefunguliwa na fundi.

Kinachozuia maji ni pete ndogo za mpira. Moja iko chini ya kifuniko cha nyuma, nyingine kwenye kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, na kioo nacho kimezibwa ukingoni. Mpira huzeeka kama mpira wowote: hukauka, ukapasuka. Joto, sabuni na chumvi huuharakisha. Na kila mara saa inapofunguliwa kutiwa betri, ile pete ya nyuma inaweza kukunjika au kubanwa vibaya. Kwa hiyo saa ya mtumba iliyoandikwa 50M inaweza kuingiza maji ya kunawia tu.

Kwa saa mpya, mwelekezeni mnunuzi hivi. Ikiwa haina namba, au ina 30M, ni ya kuvumilia jasho, manyunyu na kunawa mikono. Kuoga nayo asiwe anaoga, wala kuogelea. Ikiwa ni 50M, viwanda kadhaa husema inafaa kuogelea kidogo juu juu, basi mnunuzi asome karatasi iliyokuja na saa. Ikiwa ni 100M, ni ya kuogelea. Saa ya mzamiaji wa kweli ni habari nyingine. Hiyo ina sheria zake za kimataifa, na haiwezi kuwa chini ya mita 100. Namba kubwa peke yake haiifanyi saa kuwa ya mzamiaji.

Kwa saa ya mtumba, msitoe ahadi yoyote ya maji, hata ikiwa imeandikwa 200M, isipokuwa fundi mwenye chombo cha kupimia kwa nguvu ya hewa ameipima baada ya kufungwa mara ya mwisho. Semeni: "Imeandikwa 50M. Haijapimwa. Iweke mbali na maji."

Wengine wanauliza, je, tusiitie tu kwenye ndoo tuone? Tunasema hapana. Ikiingia maji mmeiharibu, na isipoingia hamjathibitisha lolote, maana maji ya ndoo hayana nguvu ya maji ya ziwani wakati mkono unayapiga.

Lakini kuna kipimo kidogo cha kujua kama unyevu tayari umeshaingia. Vaa saa muda wa nusu saa hivi hadi ipate joto la mwili. Kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo, ngoja dakika moja, lipanguse. Ukiona ukungu upande wa ndani wa kioo, kuna unyevu ndani, na kutu iko njiani. Saa hiyo iende kwa fundi, isiende mezani. Usipoona ukungu, maana yake ni kwamba sasa hivi ndani ni kukavu. Hiyo haimaanishi kwamba maji hayawezi kuingia kesho.

3. UKUBWA

Picha ya saa haina ukubwa. Saa ndogo ya akina mama ikipigwa picha kwa karibu itaonekana kama sahani. Kwa hiyo tunapima kwa rula ya mwanafunzi, kwa milimita, na kuandika vipimo vitatu.

Kwanza, upana wa kasha, yaani ule mwili wa saa unaoshika kioo na mashine. Kwa saa ya duara, laza rula juu ya uso ipite katikati, kutoka upande wa namba 8 hadi upande wa namba 2. Tunapima hivyo ili kitufe cha pembeni kilicho kwenye namba 3 kisihesabiwe. Anza kwenye alama ya sifuri, si kwenye ncha ya rula. Wauzaji wengine hupima pamoja na kitufe, na saa ya milimita 38 ikageuka kuwa 41. Hiyo ni kama kupima mahindi pamoja na gunia.

Pili, urefu kutoka ncha hadi ncha. Kasha lina pembe nne zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Pima kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini. Kipimo hiki ndicho kinachosema kama saa itakaa vizuri mkononi. Mnunuzi apime sehemu bapa ya juu ya mkono wake: ikiwa ni milimita 45 na saa ni 48 kutoka ncha hadi ncha, pembe zitaning'inia nje, zikwaruze na kukamata mikono ya sweta.

Tatu, unene, kutoka kioo hadi kifuniko cha nyuma.

Mkiuza kwa picha, piga picha moja saa ikiwa imelala kando ya rula, namba za rula zikisomeka. Picha hiyo moja huondoa ugomvi mwingi.

4. MKANDA

Mkanda una mambo mawili: umetengenezwa kwa nini, na utamtosha nani.

Neno "ngozi" linatumika ovyo. Mikanda mingi ya bei ya chini ni reksini, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki na kupigwa chapa ionekane kama ngozi. Tazama ukingo wa mkanda na ndani ya matundu. Ngozi huonyesha nyuzi nyuzi zilizosongamana. Reksini huonyesha tabaka: plastiki juu, kitambaa chini. Ukiukunja, reksini iliyozeeka hupasuka na kubanduka maganda. Lakini kuna mikanda yenye ngozi juu na reksini chini, na mingine iliyoshindiliwa kutokana na mabaki ya ngozi. Ukiwa na shaka andika "mkanda wa kahawia, hatuna hakika kama ni ngozi." Reksini si aibu. Ila isiuzwe kwa bei ya ngozi.

Mkanda wa chuma nao utazamwe. Nyuma ya saa mara nyingi pameandikwa STAINLESS STEEL BACK. Herufi hizo zinasema kifuniko cha nyuma tu ndicho chuma kisichoshika kutu. Hazisemi lolote juu ya kasha wala mkanda, ambavyo vinaweza kuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Rangi hiyo ikitoka kwa jasho, chini yake panaweza kuwa na nikeli, na watu wengine ngozi yao huwasha na kutoka vipele wakiguswa na nikeli. Kama rangi imeanza kutoka, semeni ni wapi.

Kwa upande wa kutosha, pimeni nafasi kati ya zile pembe mbili, pale mkanda unapoingia. Huwa ni 18, 20 au 22 mara nyingi. Mnunuzi atahitaji namba hiyo siku atakayotafuta mkanda mwingine. Halafu fungeni mkanda kwenye tundu la ndani kabisa, pitisheni uzi kwa ndani kuzunguka, upimeni kwa rula. Rudieni kwenye tundu la nje kabisa. Mtapata, kwa mfano, "unatosha mkono wa sentimita 16 hadi 20." Mwisho vuteni mkanda kidogo kujua kama zile pini za springi zinazoushika ni imara. Pini mbovu huangusha saa nzima.

MFANO: SAA MOJA KUTOKA MWANZO HADI MWISHO

Tuchukue kikundi cha kina mama karibu na ziwa ambacho kimenunua saa za mitumba kwa shilingi 600 kila moja na kinataka kuuza kwa 1,000. Saa moja ina uso mweupe ulioandikwa QUARTZ na, chini kabisa kwa herufi ndogo, JAPAN MOVT. Nyuma pameandikwa STAINLESS STEEL BACK na 30M. Mkanda ni wa kahawia.

Mwanakikundi mmoja ameandika hivi: "Saa halisi ya Japani, chuma tupu, haiingii maji hadi mita 30, mkanda wa ngozi, kubwa ya kiume milimita 42." Maneno ni matamu. Hebu tuyapime moja moja.

"Halisi ya Japani." Maandishi JAPAN MOVT yanahusu mashine peke yake. Kasha, uso na mkanda huweza kutengenezwa na kuunganishwa nchi nyingine. Basi tuseme: imeandikwa mashine ni ya Japani.

"Chuma tupu." Maandishi yanasema kifuniko cha nyuma tu. Na kina mama wakitazama vizuri wanaona kwamba karibu na kitufe rangi ya fedha imeanza kutoka, chini pana wekundu wa shaba.

"Haiingii maji hadi mita 30." Ni mtumba, na fundi ameifungua juzi kutia betri. Hakuna aliyeipima. Hatuna ruhusa ya kusema neno hili.

"Mkanda wa ngozi." Kwenye matundu kitambaa kinaonekana. Ni reksini.

"Milimita 42." Rula imepita juu ya kitufe. Bila kitufe ni 39.

Maneno matano, na hakuna hata moja lililosimama! Sasa mvuvi akiinunua kwa maneno hayo, ataingia nayo ziwani asubuhi ile ile akivuta nyavu. Kufikia jioni ukungu umejaa kioo. Yeye amepoteza shilingi 1,000, kikundi kimepoteza mvuvi na ndugu zake wote. Tena kuna sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo juu ya bidhaa na ubora wake.

Kadi ya saa hiyo hiyo, iliyoandikwa vizuri, ni hii:

MASHINE: Ya betri. Betri mpya, imetiwa wiki hii. Tumeipima kwa redio siku moja, haikuonyesha tofauti. Imeandikwa mashine ni ya Japani.
MAJI: Imeandikwa 30M. Ilifunguliwa kutiwa betri, haijapimwa. Usiingie nayo majini. Hakuna ukungu ndani kwa sasa.
UKUBWA: Kasha milimita 39 bila kitufe. Ncha hadi ncha 46. Unene 9.
MKANDA: Reksini ya kahawia, upana 20. Unatosha mkono wa sentimita 16 hadi 20. Pini ni imara.
KASORO: Rangi imetoka karibu na kitufe.

Je, itauzwa kwa 1,000? Pengine itashuka hadi 850. Lakini atakayeinunua ni mwalimu au karani anayetaka saa ya kuvaa kazini, na hatairudisha. Yule mvuvi mtamwonyesha saa nyingine, mpya, ya 100M yenye mkanda wa mpira, na bei yake ataielewa kwa sababu mmemweleza tofauti.

Kadi ziwe mbili zinazofanana. Moja aende nayo mnunuzi, nyingine mwekahazina aitunze pamoja na tarehe na bei. Ikitokea ugomvi, mtasoma kilichoandikwa, badala ya kubishana juu ya nani alisema nini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mnunuzi anauliza, "Hii inaingia maji au haiingii?" Saa ni ya mtumba na imeandikwa 100M. Mtamjibu namna gani?
2. Saa ya AUTOMATIC imekaa mezani tangu soko la wiki iliyopita na imesimama. Mtamweleza nini mnunuzi kabla hajauliza?
3. Mwenzenu anasema, "Tukiandika kasoro hatutauza." Chukueni saa moja mliyo nayo, mwiandikie kadi mbili, moja yenye kasoro na moja isiyo nazo. Kama ingekuwa mnanunua ninyi, mngetaka kupewa kadi ipi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama alete saa moja, yake au ya kikundi, pamoja na rula na uzi. Mbadilishane saa bila kuonyeshana kadi, kila mmoja apime na kuandika. Mkiona vipimo vya watu wawili vinatofautiana zaidi ya milimita moja, pimeni tena pamoja hadi mkubaliane.